Kaa Mwekundu Si Lazima Awe Ameiva

Muhula uliopita, siku ya Jumamosi, wanafunzi watatu wa Kidato cha Pili walikwenda ziwani kuvua kwa ndoana. Samaki hawakupatikana. Badala ya kurudi mikono mitupu, waligeuza mawe ya ufukweni wakapata kaa sita, kila mmoja upana wa kiberiti. Wakakoka moto, wakawatupa kaa juu ya makaa, na baada ya muda mfupi magamba yakawa mekundu. Wakala. Usiku ule wawili kati yao walitapika na kuharisha, na asubuhi wakapelekwa zahanati. Wa tatu hakuugua hata kidogo.

Walipopona niliwaita nikawauliza, "Mlijuaje kwamba kaa wameiva?"

Mmoja akajibu, "Mwalimu, walikuwa wekundu kabisa."

Nikamgeukia yule ambaye hakuugua. "Na wewe je, kaa wako hawakuwa wekundu?"

"Walikuwa wekundu, mwalimu. Ila wangu walitumbukia ndani ya majivu ya moto. Nilikwenda kutafuta kuni, na niliporudi wenzangu walikuwa wamekwisha kula. Nikawafukua wangu baadaye."

Jibu hilo la pili lina somo zima. Wote watatu walitazama ishara moja, nayo iliwadanganya wote. Tofauti ni kwamba mmoja, bila kukusudia, aliupa moto muda wa kufika ndani. Ndiyo maana nimeona yafaa kuandika maneno machache juu ya kuchemsha kaa na kamba, kwa dakika ngapi, na kwa ishara zipi mtu atajua kwamba wameiva barabara.

Huku kwetu Butiama sato, sangara na dagaa ni wenyeji wetu, lakini kaa na kamba ni wageni. Wanafunzi wengine wakisikia "kamba" hufikiri kwanza ile ya kufungia ng'ombe. Lakini siku hizi mtu aweza kurudi kutoka Dar es Salaam au Tanga na kilo mbili za kamba wa bahari ndani ya sanduku la barafu, na wageni hao wakifika jikoni pasipo mtu wa kuwajua huharibiwa. Mimi mwenyewe nilijifunza kuwachemsha kwa akina mama wa Kilwa Kivinje, nilipokuwa nikifundisha pande zile. Nilifundishwa kwa kukosea, kama ilivyo kawaida ya jikoni.

KWA NINI GAMBA HUWA JEKUNDU

Kaa na kamba wabichi huwa na rangi ya kijivu, kijani kibichi, au kahawia. Lakini rangi nyekundu imo ndani yao tangu walipokuwa hai. Inaitwa astazanthini, nao huipata katika chakula chao. Katika gamba la mnyama aliye hai rangi hiyo imefungwa ndani ya protini, na kwa kufungwa hivyo huonekana ya buluu au ya kijivu. Moto unapoiharibu ile protini, rangi hufunguliwa, na wekundu wake hutokea.

Sasa fikiri. Gamba liko nje. Ndilo linaloguswa na maji ya moto au makaa kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo ndilo hupata joto kwanza, na hubadilika rangi mapema sana, wakati nyama iliyo katikati ingali na ubaridi. Wekundu wa gamba unatwambia jambo moja tu, kwamba gamba limepata moto. Juu ya nyama hautwambii neno. Ni kama kumwona mtu mlangoni na kudhani kwamba amekwisha kufika uani.

Nyama yenyewe ina habari zake. Nyama mbichi ya kamba au kaa hupenyeza mwanga kidogo, kama kioo chenye ukungu, nayo ni laini na yenye ute. Inapopata joto protini zake hukunjamana na kushikana, kama ute wa yai unavyogeuka kuwa mweupe. Nyama huwa nyeupe, haipenyezi mwanga tena, nayo huwa imara chini ya kidole. Wataalamu wa usalama wa chakula hutaka sehemu ya katikati kabisa ifike nyuzi 63 za Sentigredi. Hapo nyama imeiva. Ikipita sana, protini huzidi kukaza na kukamua maji yao, na nyama huwa kavu, ngumu, yenye kutafunika kama mpira.

Basi kazi ya mpishi ni kufikisha joto mpaka katikati, na kuondoa sufuria kabla ya sehemu za nje hazijageuka kuwa mpira.

UKUBWA NA DAKIKA

Joto haliruki kutoka gambani hadi katikati ya nyama. Husafiri polepole, na mwendo wake una kanuni ambayo wanafunzi wa fizikia wataipenda: unene ukiwa mara mbili, muda hauwi mara mbili, bali huwa karibu mara nne. Kamba mwenye unene wa sentimita 1 akiiva kwa dakika moja, mwenye unene wa sentimita 2 atataka kama dakika nne. Kwa sababu hiyo haifai kabisa kuchanganya wadogo na wakubwa katika sufuria moja. Wadogo watakuwa mpira wakati wakubwa wangali wabichi.

Wauzaji wengi huwapanga kamba kwa hesabu ya wangapi huingia katika kilo moja, pamoja na vichwa na magamba. Nami nitafuata njia hiyo, kwa kuwa ni rahisi hata kwa asiye na mizani: muuzaji amekwisha kupima kilo, wewe hesabu tu.

Kamba wadogo, ambao zaidi ya 60 huingia katika kilo, huchemshwa dakika 1. Wa kati, 30 hadi 60 kwa kilo, dakika 2. Wakubwa, 15 hadi 30 kwa kilo, dakika 3. Wakubwa mno, ambao hawafiki 15 kwa kilo, dakika 4 hadi 5.

Msomaji atashangaa kwamba muda ni mfupi namna hii. Lakini angalia sana dakika hizi zinahesabiwa tangu lini. Hazihesabiwi tangu kamba walipotiwa majini, bali tangu maji yalipoanza kutokota tena baada ya kutiwa. Kosa kubwa la jikoni limejificha hapo, na nitalieleza kwa hesabu.

MAJI YAWE MENGI

Huku kwetu maji hayatokoti kwa nyuzi 100. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Butiama iko juu zaidi ya ziwa. Kadiri mtu anavyopanda, hewa huwa nyepesi, nayo maji hutokota kwa joto dogo zaidi. Kwetu hutokota kwa karibu nyuzi 96.

Sasa tuseme una nusu kilo ya kamba wenye joto la nyuzi 25, nawe una lita 3 za maji yanayotokota. Kamba kwa sehemu kubwa ni maji, basi tuwahesabu kana kwamba ni nusu lita ya maji. Lita 3 mara 96 ni 288. Nusu lita mara 25 ni 12.5. Jumla ni 300.5, na ukiigawanya kwa lita 3.5 utapata karibu 86. Yaani maji yameshuka kutoka nyuzi 96 hadi 86. Moto mzuri utayarudisha upesi.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa lita 1 tu ya maji. 96 ukijumlisha 12.5 ni 108.5, na ukiigawanya kwa 1.5 utapata karibu 72. Maji yameanguka mno, na moto wa mkaa ulio dhaifu utachukua dakika nyingi kuyarudisha. Katika muda huo kamba wamekaa katika maji ya uvuguvugu mkali. Huwezi tena kujua ni dakika ngapi wamepikwa, maana hawapikwi kwa joto unalolijua. Mpishi mmoja atasema "dakika tatu" na kutoa mbichi, mwingine atasema "dakika tatu" na kutoa mpira, na wote wawili watasema kweli juu ya saa zao.

Hivyo kanuni ni hii: kwa kila nusu kilo, maji yasipungue lita 3. Ikiwa una kilo mbili na sufuria ndogo, chemsha kwa mafungu. Tena kamba walioganda kwa barafu wayeyushwe kwanza, wakiwa ndani ya bakuli la maji baridi au usiku kucha ndani ya jokofu. Barafu hula joto jingi sana kabla haijayeyuka. Ukiwatia kamba wakiwa mawe, nje huiva na katikati hubaki baridi.

Tia chumvi kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita ya maji. Wako wanaosema kwamba chumvi huyafanya maji yawe na moto mkali zaidi. Ni kweli, lakini kwa kiasi hicho haizidi nusu ya nyuzi moja. Chumvi hapa ni ya ladha tu.

Je, kwa kuwa maji yetu hutokota kwa nyuzi 96, tuongeze muda? Ndiyo, kama sehemu moja ya kumi. Kwa kamba wa dakika 3 hiyo ni sekunde kama 18, wala haina haja ya kusumbua kichwa. Lakini kwa kaa mkubwa wa dakika 15 ni dakika moja na nusu, na hiyo yafaa ikumbukwe.

JARIBIO LETU JIKONI

Nisingependa wanafunzi waamini kwa sababu tu mwalimu amesema. Baada ya mkasa wa ziwani mzazi mmoja alituletea kilo moja ya kamba kutoka pwani. Tuliwahesabu wakawa 38, yaani wa kati. Tukawayeyusha, tukaweka lita 6 za maji katika sufuria kubwa, na tukatumia kipimajoto kipya cha jikoni, kwa maana vipimajoto vya maabara haviruhusiwi kugusa chakula. Maji yalipotokota kilisoma nyuzi 96, kama tulivyotazamia.

Tuliwatia wote pamoja. Maji yakanyamaza. Kabla hayajaanza kutokota tena, magamba ya kamba wote yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu. Nilimtoa mmoja nikamkata mbele ya darasa, mahali pale nyuma ya kichwa penye unene. Nje palikuwa na duara la nyama nyeupe, na katikati palikuwa na kiini cha kijivu, chenye kung'aa kama kioo. Wale wawili waliougua walitazamana, lakini hawakusema kitu.

Maji yalipotokota tena tukaanza kuhesabu. Kwa dakika 1, kiini kile kilikuwa kimepungua kikawa kama punje ya mtama. Kwa dakika 2 kilikuwa kimetoweka. Nyama ilikuwa nyeupe toka nje hadi ndani, yenye maji yake na ladha tamu. Hapo tukawaopoa wote isipokuwa wanne. Kati ya hao wanne, wawili tuliwatoa kwa dakika 4. Walilika, ila walikuwa wamekaza. Wawili wa mwisho tuliwaacha dakika 10. Walikuwa wamesinyaa ndani ya magamba yao, na kijana aliyepewa mmoja alitafuna mpaka wenzake wakamcheka.

Jambo jingine tuliliona siku hiyo. Kamba waliotolewa majini huendelea kuiva kwa joto lililomo ndani yao, hasa wakirundikwa katika bakuli moja. Kwa hiyo watandazwe juu ya sinia pana wapoe upesi. Ukipenda kuwatia katika maji baridi, yawe maji safi ya kunywa yaliyochemshwa na kupozwa. Kuwaosha kwa maji mabichi ya kisima au ya ziwa baada ya kuwaivisha ni kuwarudishia vijidudu vile vile ulivyoviua.

ISHARA ZA KAMBA ALIYEIVA

Saa ni msaidizi tu. Shahidi wa kweli ni nyama. Mtoe kamba mmoja aliye mkubwa kuliko wenzake, maana yeye akiwa tayari wote wako tayari. Mkate nyuma ya kichwa. Ukiona nyeupe tupu, pasipo kiini cha kioo, ameiva. Bonyeza nyama kwa kijiko: iliyoiva hurudi ilivyokuwa, mbichi hubonyea na kubaki hivyo.

Umbo lake nalo husaidia. Kamba mbichi huwa amelala karibu kunyooka. Akiiva hujipinda kama herufi C. Akizidi hujikunja mpaka mkia ukakaribia kugusa kichwa, kama herufi O. Lakini ishara hii usiitegemee peke yake, kwa kuwa kamba aliyegandishwa akiwa amejikunja hubaki amejikunja hata kabla ya kuona moto. Kuelea pia kusikudanganye. Maji yanayotokota hutupa kila kitu juu, kibichi na kilichoiva.

KAA WA PWANI

Kaa anayepikwa sana pwani ni yule wa matope, aishiye kwenye mikoko, mwenye magando makubwa. Mtu wa Butiama akibahatika kumpata, sharti la kwanza ni kwamba awe hai mpaka saa ya kupikwa. Kaa akifa, vijidudu vilivyomo tumboni mwake huenea upesi sana katika nyama. Kaa aliyekufa njiani, na hujui alikufa saa ngapi, mtupe, hata kama ulimnunua kwa fedha nyingi.

Usimtupe akiwa macho katika maji ya moto. Licha ya ukatili, kaa akishtuka huangusha miguu na magando yake, na maji huingia kupitia matundu hayo na kuiharibu nyama. Mweke kwanza katika barafu kwa nusu saa mpaka apoe na kuacha kutikisika. Kisha mgeuze chali, inua kile kifuniko kidogo cha tumboni, umchome kwa chuma chenye ncha mahali pale chini yake. Baada ya hapo msugue matope kwa brashi.

Maji ya kaa yawe mengi ya kumfunika kabisa, na dakika zihesabiwe kama za kamba, tangu maji yanapotokota tena. Kaa wa robo kilo atakaa dakika 8. Wa nusu kilo, dakika 10 hadi 12. Wa kilo nzima, dakika 15 hadi 18. Nasi wa huku juu tukiongeza ile sehemu moja ya kumi, mpishi wa Butiama mwenye kaa wa kilo moja asitoe sufuria kabla ya dakika 17, na akifika 20 asiwe na hofu.

Kaa ana sehemu mbili zinazochelewa. Moja ni gando kubwa, kwa sababu ya unene wa gamba na nyama yake. Ya pili ni kifuani, pale mizizi ya miguu inapokutana. Basi mtazame hapo. Vuta mguu mmoja wa nyuma: ukiwa ameiva hung'oka kwa urahisi, na hutoka na kipande cha nyama nyeupe. Kama unang'ang'ania, au ukitoka unavuta ute wa kijivu, mrudishe. Nyama iliyoiva huachana na gamba. Mbichi hushikamana nalo kama gundi. Ukifungua gamba la juu na kumkuta ni jike mwenye mayai, mayai yawe ya rangi ya chungwa na magumu. Yakiwa meusi na yenye kuteleza, bado.

Kumrudisha si aibu. Tia tena katika maji yanayotokota kwa dakika 3, kisha mtazame upya. Aibu ni kumwona mbichi na kumpeleka mezani kwa kuwa wageni wamekwisha kunawa mikono.

KAA WA ZIWANI NA MITONI

Sasa nirudi kwa wale kaa sita. Kaa wa maji baridi ni mdogo, na kwa unene wake dakika 4 au 5 zingetosha kuigeuza nyama yake. Lakini yeye nampa dakika 10 kamili za maji yanayotokota, naye ndiye pekee ambaye nasema ni heri azidi kuliko apungue.

Sababu ni hii. Katika nchi kama Kamerun na Nijeria watu wameugua kwa kula kaa wa mitoni wasioiva. Ndani ya nyama ya kaa hao hukaa vifuko vidogo vya mnyoo ambao, akiingia tumboni mwa mtu, hupenya mpaka mapafuni. Mgonjwa hukohoa kwa miezi mingi, na kutoa makohozi yenye damu, hata huweza kudhaniwa kuwa ana kifua kikuu. Mnyoo huyo hauawi kwa limau, wala pilipili, wala chumvi, wala moshi kidogo. Huuawa kwa joto linalofika katikati. Tena maji yetu ya ziwa na mito hupokea uchafu wa watu na wanyama, na kaa ni mla mizoga. Wala hana aibu ya kula chochote anachokikuta.

Makaa ya moto yana hasara moja ambayo sufuria haina. Upande ulioelekea makaa huungua, na upande wa juu hupata hewa tu. Maji yanayotokota humzunguka kaa pande zote kwa joto moja. Kwa hiyo wanafunzi wanaokwenda ziwani, kama hawana sufuria, na wawarudishe kaa chini ya mawe yao.

Tena aliyekwisha kumshika kaa mbichi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula kingine, na kisu na ubao alivyotumia viwe vimeoshwa. Maji ya kaa mbichi yakidondokea kachumbari, dakika 10 za sufuria hazisaidii kitu.

MAMBO MAWILI YASIYOPONYWA KWA KUCHEMSHA

La kwanza ni kuoza. Kamba wenye harufu kali ya kuchoma pua, au nyama inayolegea na kumeguka ikiwa mbichi, hawatakuwa wazima kwa kuchemshwa saa nzima. Vijidudu vitakufa, lakini baadhi ya sumu zilizokwisha kutengenezwa zitabaki. Weusi kidogo kichwani, bila harufu, si uozo; hutokea kamba wakikaa kwa muda baada ya kuvuliwa.

La pili ni mwili wa mlaji. Wapo watu ambao kamba na kaa hawapatani nao kabisa. Wakila huwashwa, huvimba midomo, na wengine hubanwa pumzi. Kuiva vizuri hakuondoi jambo hili. Mtu aliyewahi kudhurika asishawishiwe "kujaribu kidogo tu", na akibanwa pumzi apelekwe hospitali mara moja.

Nimemaliza. Wale vijana wawili sasa ndio wanaokata kamba wa majaribio kila tukipata wa kuchemsha. Juzi mmoja wao alimkata mkubwa kuliko wote, akamtazama nyuma ya kichwa karibu na dirisha, kisha akamtumbukiza tena katika sufuria bila kuniuliza. Nilitazama saa. Ilibaki nusu dakika.